Kutoka fishi za kituo hadi orodha ya wagonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kipindupindu kinaposhukiwa Goma

Ukurasa huu ni wa wale wanaokabidhiwa rundo la fishi, yaani karatasi za wagonjwa, na kuambiwa: "Toa listi kabla ya jioni." Wengi ni wauguzi wa vituo vya afya, wengine ni makarani wa ofisi ya zoni ya afya. Nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa hapa Goma, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Karibu yote yanahusu vitu vinne: tarehe ya kuanza kuugua, umri, mahali, na mwisho wa mgonjwa.

Orodha hii ina tofauti gani na rejista ya kituo?

Rejista inafuata ziara. Mtu akija mara mbili, anaandikwa mara mbili, na hakuna kosa. Orodha inafuata mtu. Mgonjwa mmoja ana mstari mmoja, hata kama amepitia kituo cha afya, akapandishwa pikipiki hadi CTC, yaani kituo cha kutibu kipindupindu, akarudi nyumbani, akaja tena kuomba serumu ya kunywa. Ukilishika hilo, nusu ya makosa yameondoka.

Nani anaingia kwenye orodha?

Inategemea kama mlipuko umeshatangazwa katika eneo lako. Kabla ya kutangazwa, maelezo ya Shirika la Afya Duniani yanamchukua mtu wa miaka 2 au zaidi anayeharisha maji maji na kuishiwa maji mwilini kwa kiwango kikali, au aliyekufa kwa kuharisha maji maji. Baada ya kutangazwa mlango unapanuka, na anaingia kila anayeharisha maji maji, wa umri wowote. Kuharisha hapa ni mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, choo cha maji, bila damu.

Andika juu ya faili ni maelezo yapi mnayotumia na tangu tarehe gani. Mkibadilisha katikati, idadi itapanda siku hiyo hiyo bila ugonjwa kuongezeka, na mtu wa mbali atakayeona mchoro wa wagonjwa wa kila siku atashtuka bure.

Kipimo cha haraka kikitoka chanya, mgonjwa bado ni wa kushukiwa. Kinachothibitisha ni maabara kuotesha kimelea kutoka kwenye choo, au kukitafuta kwa PCR. Na kipimo kikitoka hasi usimfute mtu. Mpe safu yake ya maabara, mstari ubaki.

Tarehe ipi niandike, ya kuanza kuugua au ya kufika kituoni?

Zote mbili, kila moja na safu yake. Ila mchoro wa mlipuko unachorwa kwa tarehe ya kuanza.

Sababu ni hii. Tarehe ya kufika inaonyesha zaidi maisha ya watu kuliko ugonjwa: kituo kilikuwa na muuguzi mmoja Jumapili, mvua ilinyesha, mama alisubiri baba arudi na pesa ya pikipiki. Tarehe ya kuanza iko karibu zaidi na siku mgonjwa alipokunywa yale maji. Toka kimelea kinapoingia mdomoni hadi kuharisha ni kati ya saa 12 na siku 5. Kwa hiyo ukijua alianza lini, unarudi nyuma siku 5 na unajua wiki ya kuulizia maji. Ukitumia tarehe ya kufika, utakwenda kuulizia wiki isiyo yake.

Fishi imeandikwa "tangu juzi". Nihesabu vipi?

Hesabu kutoka tarehe iliyo juu ya fishi, kamwe si kutoka siku unayoingiza kwenye kompyuta. Fishi ya tarehe 12 inayosema "tangu jana" ni tarehe 11, hata kama wewe unaisoma tarehe 15. Linaonekana jambo dogo, lakini rundo likikaa siku tatu mezani na karani amechoka, "jana" inakuwa jana yake mwenyewe.

"Juzi" ni tarehe mbili nyuma, lakini watu wetu wanaitumia pia kwa maana ya "siku hizi hizi". Mama akisema "tumbo ilianza juzi", muuguzi aulize swali la pili: "Mama, ile siku ulikuwa umefanya nini? Ilikuwa siku ya ibada ao ya soko?" Siku ya ibada haisahauliki. Nimeona "juzi" ikigeuka kuwa siku nne kwa swali hilo moja tu.

Usiku ndio mtego mkubwa. Mtu akikuambia "ilinianza usiku wa Jumapili, saa nane", anasema nini? Saa nane ya usiku ni saa 2 baada ya katikati ya usiku, na tarehe imeshageuka. Kama ni usiku wa kuamkia Jumatatu, andika Jumatatu. Lakini wapo wazee ambao kwao usiku wa Jumapili ni ule unaoitangulia Jumapili, yaani sisi tungeuita wa Jumamosi. Uliza hivi: "Kulipokucha, ilikuwa siku gani?" Jibu la swali hilo ndilo tarehe yako, ikiwa ugonjwa ulianza baada ya saa sita ya usiku. Na muuguzi akiandika "8h" kwenye fishi, hakikisha hajanakili "saa nane" ya mgonjwa moja kwa moja. Kwa Kifaransa 8h ni asubuhi, saa mbili yetu.

Fishi haina tarehe ya kuanza kabisa. Nijaze ya kufika?

Hapana. Acha wazi, kisha itafute: muuguzi aliyempokea, namba ya simu kwenye fishi, mlinzi wa mgonjwa aliye bado uani mwa CTC, au reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa avenii ile. Ukiipata kwa kukadiria, weka safu ndogo ya "makadirio" na uandike ndiyo.

Ukijaza ya kufika bila kusema, hakuna atakayegundua, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mimi nikipokea orodha ya kituo ambayo tarehe ya kuanza ni sawa na ya kufika kwa wagonjwa wote, najua hawakuulizwa. Kweli, kipindupindu kina haraka, na wengi wanafika siku ile ile. Lakini si wote thelathini.

Mchoro unashuka siku mbili za mwisho. Mlipuko unaisha?

Usishangilie bado. Walioanza kuharisha jana na leo wengine bado wako nyumbani. Watafika kesho, na mistari yao itajaza siku zilizopita. Mchoro wa tarehe ya kuanza hushuka mwishoni kila siku, hata mlipuko ukiwa unapanda. Tia kivuli siku mbili au tatu za mwisho na usizisome.

Umri: safu imeandikwa "18" tu. Ni miaka au miezi?

Tazama uzito. Mtu wa kilo 9 na nusu hana miaka 18. Kama fishi haina uzito, tazama dawa: kiasi cha serumu ya Ringer kilichopangwa kitakuambia. Kwa sababu hiyo mimi natumia safu mbili, moja ya namba na moja ya kipimo (miaka au miezi), wala sikubali safu ya kipimo iwe tupu.

Kwa watu wazima shida ni nyingine. Wasiojua mwaka wa kuzaliwa wanapewa 30, 40, 50, na ukichora umri unaona minara kwenye miaka hiyo. Hapa Goma tuna kalenda yetu: volkano. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. "Volkano ya 2002 ulikuwa umeolewa?" "Nilikuwa na mimba ya kwanza." Umeshapata umri wa mama karibu na kweli, na wa mtoto wake mkubwa pia. Kwa mtoto, 2021 inasaidia vizuri: alikuwa amezaliwa, alikuwa anatembea, au alibebwa mgongoni watu walipokimbia? Lakini sema wazi ni volkano gani. Kijana akisikia "volkano" tu anafikiria ile ya mwisho.

Mahali: inatosha kuandika kartie?

Kwa ripoti ya zoni inatosha. Kwa kumkuta mwenye bomba au kisima, haitoshi. Andika kartie, avenii na alama ya karibu (kanisa, soko, duka la mkate), kila kimoja na safu yake.

Majina yana mitego. Birere ni jina ambalo watu wanalitumia kwa sehemu kubwa karibu na mpaka, si kartie moja ya serikali. Mugunga inaweza kuwa kartie, na inaweza kuwa pale palipokuwa kambi ya waliohama vita. Goma na Karisimbi ni majina ya komini, na pia ni majina ya zoni za afya. Usidhani mipaka ni ile ile. Tengeneza orodha ya majina yanayokubalika, ubandike ukutani, kila mtu achague humo. La sivyo utakuta Keshero, Kyeshero na Kyesero, na kompyuta itaziona kama kartie tatu.

Na kuna swali ambalo fishi haina nafasi yake: ulilala wapi siku 5 kabla ya kuugua? Anwani ni pale mtu anapokaa. Maji aliyokunywa yanaweza kuwa ya pengine. Ongeza safu, itakusaidia kwenye mfano ulio hapa chini.

Mwisho wa mgonjwa: "amehamishwa" ni jibu?

Ni jibu la muda. Kumhamisha mtu ni kumtoa kwenye rejista yako, lakini kwenye orodha bado hana mwisho mpaka ujue alifikia wapi. Mwisho ni amepona, amefariki au ametoroka. Kabla ya hapo andika "bado", na kila asubuhi chuja "bado" zote uzipigie simu. Wengi wa kipindupindu wanatoka ndani ya siku chache. Mstari unaosema "bado" tangu siku 7 kwa kawaida ni wa mtu aliyesahauliwa na karani, si na daktari.

Safu tupu haina maana ya "mzima". Waliokufa haraka ndio fishi zao huwa tupu zaidi, maana hakuna aliyepata muda wa kuandika.

Waliokufa nyumbani au njiani waingie pia, wakiwa na alama ya "jamii". Watenganishe na waliofia kwenye matibabu. Wakiwa wengi nyumbani, shida ni umbali au kuchelewa; wakiwa wengi kitandani, shida ni matibabu, kwa sababu mahali penye serumu ya kutosha na watu wa kuisimamia vifo havifiki 1 kwa 100.

Nionyeshe mfano mmoja mzima.

Huu nimeutunga, lakini kila kosa lililomo nimelikuta mezani. Mlipuko umeshatangazwa. Kituo kimoja cha Majengo kinaleta fishi 8, na CTC inaleta 2. Ukihesabu makaratasi: Jumapili tarehe 11 Agosti fishi 2, Jumatatu tarehe 12 fishi 8. Muuguzi anakuambia, "Ndugu, jana kumelipuka."

Anza na marudio. Fishi moja ya CTC ni ya mwanamume wa miaka 46, aliyefika kituoni Jumapili akahamishwa usiku ule. Kituo kinasema "amehamishwa", CTC inasema amefariki. Ni mtu mmoja, na mwisho wake ni kifo. Fishi ya pili ya CTC ni ya mama wa miaka 35 mwenye jina ambalo kituo hakina. Kituo kina mama wa miaka 34, avenii ile ile, aliyefika masaa mawili kabla. Ukipiga simu unaambiwa kituoni alitoa jina lake la nyumbani, na CTC mume ndiye aliyeandikisha, akatoa jina lake yeye mume. Mtu mmoja tena. CTC waliandika ameanza tarehe 12; kituo kiliandika "tangu jana jioni". Nachukua ya kituo, maana ndiko alikoulizwa kwanza, akiwa bado anaweza kusema.

Zimebaki fishi 8. Ile yenye umri "18" ina kilo 9 na nusu, kwa hiyo ni miezi. Ile ya "usiku wa Jumapili saa nane" ni tarehe 12, baada ya kuuliza kulipokucha ilikuwa siku gani. Nyingine zinahesabiwa kutoka tarehe ya fishi. Inatoka hivi:

```
no;kuanza;kufika;umri;kipimo;kartie;avenii;mwisho
01;2024-08-09;2024-08-11;46;miaka;Majengo;A;amefariki
02;2024-08-10;2024-08-12;7;miaka;Majengo;A;amepona
03;2024-08-11;2024-08-12;34;miaka;Majengo;A;amepona
04;2024-08-12;2024-08-12;52;miaka;Majengo;B;amepona
05;2024-08-11;2024-08-12;18;miezi;Majengo;B;amepona
06;2024-08-10;2024-08-12;29;miaka;Majengo;A;amepona
07;2024-08-10;2024-08-12;11;miaka;Katoyi;C;amepona
08;2024-08-11;2024-08-12;60;miaka;Majengo;A;bado
```

Sasa hesabu safu ya pili: Ijumaa 1, Jumamosi 3, Jumapili 3, Jumatatu 1. Jumatatu hakukulipuka kitu. Jumatatu ndiyo siku watu walipopata njia ya kufika. Ugonjwa ulikuwa umeanza tangu Ijumaa, na wa kwanza kuugua alikaa nyumbani siku mbili akafika amechelewa.

Rudi nyuma siku 5 kutoka Ijumaa tarehe 9: ni Jumapili tarehe 4. Kwa hiyo timu ya maji isiulize juu ya wikiendi peke yake. Iulize tangu tarehe 4. Watano kati ya 8 ni wa avenii A. Na yule msichana wa Katoyi aliyeonekana kama ugonjwa umeshavuka kwenda kartie nyingine? Ni likizo, na safu ya "ulilala wapi", ambayo sikuinakili hapa juu, inasema yuko kwa shangazi yake, avenii A, tangu Jumanne. Basi ni 6. Hapo unajua timu iende wapi kesho asubuhi: avenii A, kuuliza bidoni zilijazwa wapi wiki ile, ziwani, bombani au kwenye lori.

Na usiandike "vifo ni 12.5 kwa 100". Andika: amefariki 1 kati ya 8, na 1 bado kitandani. Asilimia ya watu 8 inaruka kwa mgonjwa mmoja tu.

Excel inanigeuzia tarehe. Nifanye nini?

Mashine iliyopangwa kwa Kimarekani inasoma 08/12 kama tarehe 12 Agosti, ya Kifaransa inasoma 8 Desemba. Faili ikipita kwenye mashine mbili, tarehe za kuanzia 1 hadi 12 zinageuka kimya kimya, na za 13 kwenda juu zinabaki kama maandishi. Mwezi mmoja wa Agosti nilituma orodha yenye wagonjwa wa Desemba. Simu niliyopigiwa siisahau. Tangu hapo naandika mwaka kwanza, kama kwenye mfano. Na kwa Excel ya Kifaransa, ukiwa na "kuanza" kwenye B na "kufika" kwenye C, ongeza safu mbili za kukagua:

```
=ESTNUM(B2)
=C2-B2
```

Ya kwanza ikitoa FAUX, hiyo si tarehe, ni maandishi. Ya pili ni siku alizokaa kabla ya kufika. Ikiwa chini ya sifuri, mtu alifika kabla ya kuugua, na hilo haliwezekani. Ikizidi 7, chukua fishi uisome tena. Mara nyingi ni mwezi uliokosewa.

Majina ya wagonjwa yabaki kwenye faili?

Kituoni ndiyo, bila jina huwezi kukamata marudio kama ya yule mama. Kwenye faili inayotoka kwenda zoni au kwa mashirika, toa majina na simu, acha namba ya mstari. Na usitume orodha kwenye kundi la WhatsApp. Avenii ni ndogo, "mwanamume wa 46 aliyefariki Jumapili" majirani wanamjua.

Nimetuma orodha jana, leo nimegundua tarehe mbili si sahihi. Nizirekebishe kimya?

Rekebisha, lakini usifute kimya. Weka safu ya maoni: "kuanza ilikuwa 08-12, imesahihishwa 08-10 baada ya simu na mlinzi". Hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe, mwambie aliyepokea ya jana kwamba mistari 02 na 06 imebadilika, na fishi za karatasi zirudi kwenye kasha kwa mpangilio wa namba za mistari, maana kesho kuna mtu ataziomba.